Hoteli ya Guangzhou: kadi, taa, klimatizeri na televizyo wakati butoni zote ni za Kichina

Mfanyabiashara wa Masisi ao Walikale anayeenda kununua bidhaa Guangzhou, kule China, anajua kubishana bei hata bila kujua lugha: kalkileta inatosha. Lakini usiku, ndani ya chumba cha hoteli, hakuna wa kubishana naye. Kuko ukuta wenye butoni, kuko telekomande mbili, na kila kitu kimeandikwa Kichina. Kifaransa hakiko, na mara nyingi hata Kingereza hakiko. Hapa tunaeleza namna chumba hicho kinatumika, tukianza na kile kinachosumbua wageni wengi mara tu wanapoingia: umeme.

Kadi ndiyo inaleta umeme

Kadi wanayokupa resepsioni iko na kazi mbili. Ya kwanza ni kufungua mlango: unaikaribisha kwenye kufuli, taa ndogo ya kijani inawaka, unasukuma. Ya pili ni kuwasha chumba. Ukiingia, angalia ukutani karibu na mlango, kwa urefu wa bega. Utaona kisanduku kidogo chenye mdomo, na mara nyingi juu yake kumeandikwa 插卡取电, maana yake "weka kadi upate umeme". Tumbukiza kadi na uiache humo. Bila hiyo, taa haziwaki, klimatizeri haizunguki, na unaweza kufikiri kuran imekatika kama huku kwetu.

Shida inakuja wakati wa kutoka. Unachomoa kadi ili uweze kurudi ndani, na baada ya sekunde chache umeme wa chumba unakatika, pamoja na ule wa prizi. Simu uliyoiacha ikichaji haichaji tena. Na kule Guangzhou simu ndiyo mfuko wa pesa: watu wanalipa kwa WeChat na Alipay, na anwani ya hoteli yako iko humo ndani. Kwa hiyo ukiwa unasafiri na mwenzako, ombeni kadi mbili: moja inabaki kwenye kisanduku, nyingine munatoka nayo. Visanduku vingine vinakubali kadi yoyote yenye ukubwa uleule, vingine vinasoma kadi ya hoteli tu. Ukiwa peke yako, jaribu prizi ya friji, maana katika vyumba vingine hiyo haikatiki. Chomoa kadi, subiri dakika moja, kisha uangalie kama simu bado inachaji.

Na kama umeongeza siku hotelini, pitisha kadi resepsioni waiandike upya. Kadi nyingi zinabeba tarehe ya mwisho ndani yake. Siku ile ikipita, kufuli inawaka nyekundu hata kama umelipa.

Klimatizeri inapuliza lakini haileti baridi

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Masisi. Amezoea baridi ya milimani, na anafika Guangzhou mwezi wa kumi, wakati kungali joto kule. Kwenye kisanduku cha ukutani anasoma namba 28. Anabonyeza mshale wa chini mpaka 16. Upepo unatoka, lakini ni upepo wa joto. Anangoja saa nzima, hakuna kitu. Analala akitoka jasho, na asubuhi anasema klimatizeri imekufa.

Haijafa. Mgeni aliyemtangulia, ao mfanyakazi wa hoteli, aliiacha kwenye kazi ya kuleta joto. Mashine hiyo inafanya kazi moja kwa wakati. Ikiwa kwenye kazi ya joto na umeiandikia 16, inapima chumba, inakuta 28, na kwake hesabu imeisha: chumba kina joto kupita lile uliloomba, kwa hiyo haina la kufanya. Inaacha feni tu izunguke. Hata ushushe namba namna gani, haitaleta baridi.

Dawa yake si mshale. Tafuta butoni iliyoandikwa 模式, ndiyo ya kubadilisha kazi. Bonyeza mara moja, angalia kioo, bonyeza tena. Kazi zinapita moja kisha nyingine:

制冷, ao alama ya theluji: baridi
制热, ao alama ya jua: joto
除湿, ao tone la maji: kukausha hewa
送风, ao alama ya feni: upepo tu

Simama kwenye 制冷. Weka namba 24, kisha ngoja dakika kumi na uweke mkono mbele ya fasi upepo unatokea. Butoni ya 风速 ni ya nguvu ya upepo. Ile ya kuwasha na kuzima ni 开关. Zikitengana, 开 ni kuwasha, 关 ni kuzima.

Kama theluji inaonekana, namba iko chini ya joto la chumba, na nusu saa imepita bila baridi, basi tatizo haliko mkononi mwako. Katika hoteli kubwa nyingine, mashine moja inatuma maji ya baridi ao ya moto kwenye nyumba nzima, na hoteli ndiyo inachagua kufuatana na majira. Butoni ya chumbani haiwezi kugeuza hilo. Omba feni, ao omba chumba kingine.

Butoni za pembeni ya kitanda

Kwa taa, shika alama moja tu: 灯, maana yake taa. Butoni yenye alama hiyo inawasha taa fulani, na ukijaribu utajua ni ipi. 总开关 inazima chumba chote kwa mara moja. Ile ya kuchunga ni 请勿打扰, "musinisumbue". Wengi wanaibonyeza wakifikiri ni taa, kisha taa ndogo inawaka nje ya mlango wao, na hakuna anayekuja kufagia ao kuleta taulo. Katika hoteli nyingine hata kengele ya mlango inanyamaza. Ibonyeze tena ili izime.

Kama kuna tableti pembeni ya kitanda, tafuta alama ya dunia, ao neno 语言, lugha. Ndani, kila lugha imeandikwa kwa maandishi yake yenyewe. Kama Français iko, utaisoma bila shida. Kama haiko, chagua English: angalau herufi utazitambua.

Televizyo iko na telekomande mbili

Telekomande moja ni ya televizyo yenyewe, nyingine ni ya dekoda. Ukiwasha na kioo kikaandika 无信号, maana yake "hakuna sinyali", televizyo inafanya kazi lakini haipokei kitu. Kwanza washa dekoda kwa telekomande yake. Kama maandishi hayatoki, shika telekomande ya televizyo, bonyeza 信号源, na upitishe HDMI 1, kisha HDMI 2, mpaka picha itoke.

Mbele ya kusafiri, piga picha ya ukurasa huu ibaki ndani ya simu, kwa sababu Google haifunguki kule China kwa njia ya kawaida. Na ukishindwa, shuka resepsioni na uonyeshe moja ya maneno haya:

房间没电 (chumba hakina umeme)
空调不制冷 (klimatizeri haileti baridi)