Dawa za TB: Swali Linalowaangusha Wengi Mtihanini

Wadau, kuna dogo mmoja anasoma uuguzi, kaniletea swali lililomtoa jasho. Nikaona tuligawane hapa.

Swali: Mwanaume wa miaka 38, mnywaji wa pombe, yuko mwezi wa nne wa dawa za TB. Nyayo zinawaka moto na zina ganzi. Dawa gani imesababisha?
A. Rifampisini  B. Isoniazidi  C. Pirazinamidi  D. Ethambutoli

Dogo alichagua D, eti kwa sababu ethambutoli inaharibu mishipa ya fahamu. Kweli inaharibu, ila ni ule wa jicho! Mgonjwa anaona ukungu, na nyekundu na kijani zinamchanganya.

Sasa twende taratibu. Kwanza angalia mwezi. Matibabu ya kawaida yanaandikwa hivi: 2RHZE/4RH. Maana yake, miezi 2 ya mwanzo mgonjwa anameza dawa zote nne. Hapo vijidudu ni vingi, vinapigwa haraka, na kikohozi hupungua. Miezi 4 inayofuata zinabaki R na H tu, kumalizia vile vilivyojificha. Huyu yuko mwezi wa nne, kwa hiyo Z na E alishaziacha. C na D zimetoka.

Tumebaki na mbili. Rifampisini inajulikana kwa kugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa rangi ya chungwa. Haina madhara, mgonjwa aambiwe mapema tu asije akadhani ni damu. Isoniazidi ndiyo inayovuruga vitamini B6 mwilini, mishipa ya miguu ikaumia. Mnywaji, mjamzito, mwenye kisukari au VVU, hao ndio hupata zaidi. Jibu ni B.

Mtego wa pili: utafanya nini? Wengi wanaandika "asimamishe dawa". Hapana! Apewe piridoksini, yaani hiyo B6, na dawa za TB ziendelee. Akiacha katikati kwa vile kikohozi kimeisha, ugonjwa unaweza kurudi, tena ukiwa sugu.

Je, swali lingesema mwezi wa kwanza, viungo vinauma? Hiyo ni pirazinamidi, inapandisha asidi ya yuriki. Apewe dawa ya maumivu, matibabu yaendelee.

Lakini macho yakiwa ya njano na anatapika, hapo ni ini. R, H na Z zote zinaweza kuliumiza, kwa hiyo zote zinasimamishwa na anawahishwa hospitali. Ini likitulia, daktari anazirudisha moja moja. Na ethambutoli ikigusa macho, inaachwa siku hiyohiyo, kwani ukichelewa uoni unaweza usirudi.

Haya, wa vyuo vya afya, nawapa la kwenu: mwezi wa pili, mgonjwa anashindwa kutofautisha taa nyekundu na kijani barabarani. Dawa ipi, na unafanya nini? Shusheni majibu hapo chini.