Mistari Miwili Inayomleta Mgeni Paje

Msafiri aliyeko Nairobi au Muscat anapopanga safari ya Zanzibar, huandika kwenye Google maneno machache tu: mahali, kitu anachokitaka, na mwezi. "Paje nyumba ya wageni kiyoyozi Julai." Majibu yanayomjia ni orodha ya vichwa vya habari vya rangi ya buluu, na chini ya kila kimoja kuna maelezo mafupi. Hapo ndipo anapoamua abofye wapi. Picha nzuri za vyumba na bustani hajaziona bado.

Maneno hayo hutoka kwenye metadata, yaani taarifa zilizoandikwa ndani ya ukurasa kwa ajili ya mashine za kutafuta. Mgeni akifungua ukurasa wenyewe hazioni miongoni mwa maandishi yake. Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba sita pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Kurasa nyingi za nyumba kama hiyo hubeba kichwa kimoja tu: "Karibu". Hakitaji mahali wala huduma, na mtu anayetafuta Paje hana sababu ya kukibofya. Kichwa na maelezo yanayofaa yangekuwa hivi:

```html
<title>Nyumba ya Wageni Paje, Zanzibar: Kiyoyozi na Kifungua Kinywa</title>
<meta name="description" content="Vyumba 6 vyenye kiyoyozi, dakika 5 kwa miguu hadi ufukwe wa Paje. Upepo wa kaiti Juni–Septemba na Desemba–Februari. Kifungua kinywa kimo kwenye bei.">
```

Kichwa kina herufi 60 hivi, na maelezo hayafiki 155. Ukizidisha sana, Google hukata mwisho wa sentensi, hasa kwenye simu. Kwa hiyo mahali hutangulia, huduma hufuata. Maelezo hayo hayakupandishi daraja kwenye orodha. Kazi yake ni kumshawishi msomaji abofye. Tena Google ina hiari ya kuyaacha na kuchota sentensi nyingine kutoka ndani ya ukurasa, kwa hiyo yaliyoahidiwa juu lazima yaandikwe waziwazi na ndani. Ama ile orodha ya zamani ya maneno muhimu, `keywords`, usiihangaikie: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Huduma zina mahali pake pa pili. Kamusi ya pamoja ya mashine za kutafuta, schema.org, iliyoanzishwa mwaka 2011, ina kipengele kiitwacho `amenityFeature`. Humo kila huduma huandikwa peke yake: kiyoyozi, ipo, bwawa la kuogelea, halipo. Mashine haibahatishi tena kama neno "bwawa" lililotajwa ukurasani ni la kwako au la hoteli ya jirani. Usiandike ambacho hakipo. Kama intaneti inashika barazani tu, sema inashika barazani, kwa sababu mgeni aliyekuja kufanya kazi chumbani ataligundua hilo usiku wa kwanza.

Wengi hukwama kwenye msimu. Paje huishi kwa pepo mbili: kusi, linalovuma takriban Juni hadi Septemba, na kaskazi, linalovuma Desemba hadi Februari. Hizo ndizo nyakati za wacheza kaiti, wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Lakini mgeni wa mbali halijui kusi; yeye huandika "Julai". Basi miezi iwe kwenye metadata, na majina ya pepo yaelezwe ndani ya ukurasa.

Kosa la kawaida ni kuandika "Ofa ya Krismasi" kwenye ukurasa mkuu na kuisahau. Hata ukiifuta, Google inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kabla ya kurudi kuusoma ukurasa, na msafiri wa Machi ataendelea kuona Krismasi. Ni bora kila msimu uwe na ukurasa wake wenye anwani ya kudumu isiyo na mwaka, kama `/paje-juni-septemba`, unaohuishwa bei kila msimu unapokaribia. Masika nayo ipewe wake: Aprili na Mei mvua ni nyingi na baadhi ya hoteli hufunga. Anayetafuta "Zanzibar Aprili" akiambiwa hivyo mapema, pamoja na bei ya chini, atakuja akijua anachokijia.

Kukagua si kazi ngumu. Kwenye kompyuta fungua ukurasa wako, bonyeza Ctrl+U, kisha tafuta neno `title`. Kama kurasa zote zina kichwa kimoja, anza hapo. Baada ya wiki chache tazama Google Search Console, chombo cha bure kinachoonyesha maneno yaliyokuletea watu. Ukurasa ukionekana mara nyingi bila kubofywa, angalia kwanza kichwa na maelezo yake. Ukibofywa sana lakini hakuna anayeuliza chumba, linganisha kile mistari miwili ilichoahidi na kile ambacho ukurasa unatoa.