Kiganja Kisiruke Ukutani

Mzee muuza kahawa anapita kichochoroni. Anampungia mkono mtu aliyeketi barazani, kisha anaweka kiganja ukutani na kuegemea apumzike kidogo. Ni kipande cha sekunde tano cha katuni, fremu 120 kwa hesabu ya fremu 24 kila sekunde. Mpaka fremu ya 40 mambo ni shwari. Fremu ya 41 kiganja kimeondoka ukutani na kiko karibu na paja. Hakikuteremka, kimeonekana tu kule chini.

Mtazamaji hatajua kilichotokea, maana fremu moja ni sehemu ya 24 ya sekunde. Ila atahisi kwamba kuna kitu kimekatika. Mhuishaji yeye anajua: hapo ndipo alipobadili mkono kutoka FK kwenda IK.

Herufi hizo mbili mbili ni majina ya njia mbili za kuuendesha mkono wa kikaragosi cha kompyuta. Katika FK, yaani kinematiki ya mbele, unazungusha viungo kimoja kimoja kuanzia juu. Ukizungusha bega, kiwiko na kiganja vinafuata. Ukizungusha kiwiko, kiganja kinafuata. Kwa kupunga mkono hakuna njia bora kuliko hiyo, kwa sababu kiganja huchora upinde chenyewe kama mkono wa mtu unavyofanya. Lakini mzee akishaweka kiganja ukutani, mwili ukasogea mbele sentimita nane, bega litakivuta kiganja na kukizamisha ndani ya ukuta. Ungelazimika kukirekebisha fremu baada ya fremu.

IK, kinematiki ya kinyume, huanza na mwisho. Unaiambia programu kiganja kiko hapa, nayo itafute bega na kiwiko vikunjike vipi ili kifike. Kwa mkono wenye mifupa miwili hesabu yake ni ya sekondari. Mfupa wa juu, kigasha, na mstari wa kutoka bega hadi kifundo cha mkono ni pande tatu za pembetatu. Ukizijua pande zote tatu, kanuni ya kosini inakupa pembe. Wafaransa huiita kanuni hiyo kwa jina la Al-Kashi, mwanahisabati wa Samarkand aliyefariki mwaka 1429.

Pembetatu hiyo, hata hivyo, ina uhuru mmoja uliobaki. Inaweza kuzunguka kwenye mstari wa bega na kifundo kama mlango kwenye bawaba, kiwiko kikatazama chini, pembeni au juu, na kiganja kisisogee hata kidogo. Kwa hiyo rigi huwa na kishikio cha pili, kielekezi cha kiwiko, kinachokaa mbali kidogo na mkono; kiwiko hukitazama kilipo. Kumbuka kishikio hiki, kwa sababu nusu ya matatizo yanatoka kwake.

Sasa tufungue mkono wa mzee tuone ndani. Hauna mnyororo mmoja wa mifupa bali mitatu. Mmoja unaendeshwa kwa FK, wa pili kwa IK, na wa tatu ndio ulioshika ngozi na kanzu. Huo wa tatu hauna akili yake. Unanakili mmoja kati ya ile miwili kufuatana na swichi inayokwenda kutoka 0 hadi 1. Wakati mzee anapunga mkono kwa FK, mnyororo wa IK umelala pale ulipoachwa siku rigi ilipofunguliwa, mkono ukining'inia. Ukigeuza swichi, ngozi inahamia huko.

Tuweke vipimo. Mfupa wa juu una sentimita 30 na kigasha 30. Tuhesabu kutoka bega: namba ya kwanza ni umbali wa kwenda mbele, ya pili ni kimo. Katika fremu ya 40 ya FK, kiwiko kiko (24, -18) na kifundo kiko (48, 0), yaani usawa wa bega, ukutani. Kishikio cha IK kimelala (0, -58). Kati ya pointi hizo mbili kuna kama sentimita 75. Huo ndio urefu wa mruko.

Dawa ni kuupeleka mnyororo uliolala mahali palipo na ule ulio macho, kabla ya kugeuza swichi. Kishikio cha kiganja ni rahisi: kinapewa mahali na mwelekeo wa kiganja cha FK, vyote vikipimwa kwa dunia ya onyesho na si kwa mzazi wa kishikio. Rigi nyingi hutengeneza kishikio cha IK kikiwa sambamba na sakafu ilhali mfupa wa kiganja umeinama; ukinakili mwelekeo kama ulivyo, kiganja kitafika mahali sahihi kikiwa kimepinda. Tofauti hiyo hupimwa mara moja mkono ukiwa katika mkao wake wa mwanzo, ikahifadhiwa na kuongezwa kila unapolinganisha.

Kielekezi cha kiwiko hakina cha kunakili, kwa kuwa FK haina kitu kama hicho. Lazima tukikokotoe. Tunatafuta pointi P kwenye mstari wa bega hadi kifundo iliyo mkabala na kiwiko, tunatoka P kwenda kiwikoni, kisha tunaendelea mbele kwa njia hiyohiyo. Kwa Python ya Blender, A ikiwa bega, B kiwiko na C kifundo:

```python
t = (B - A).dot(C - A) / (C - A).length_squared
P = A + t * (C - A)
pole = B + (B - P).normalized() * 60
```

Kwa mzee wetu t ni 0.5, P ni (24, 0), na kutoka P hadi kiwiko ni kushuka moja kwa moja sentimita 18. Tukiongeza sentimita 60 chini ya kiwiko, kielekezi kinakaa (24, -78). Hiyo 60 ni chaguo langu tu. Ukikiweka karibu mno na kiwiko, mkono ukisogea kidogo kiwiko kitayumba.

Geuza swichi sasa, na kiganja hakitikisiki. Lakini kazi haijaisha, kwani bado kuna funguo za fremu. Swichi yenyewe inahitaji ufunguo wa ngazi, unaobaki 0 hadi fremu ya 40 na kuwa 1 kuanzia ya 41. Ukiweka 0 katika fremu ya 1 na 1 katika ya 41, na mstari laini kati yake, mkono utaanza kuelekea IK tangu salamu ya kwanza, na kiganja kitaonekana kama kinaogelea. Niliwahi kutafuta kosa hilo mchana mzima ndani ya hesabu za rigi, kumbe lilikuwa kwenye umbo la mstari. Tazama pia swichi yako inasoma upande gani: katika Rigify ya Blender `IK_FK` ikiwa 0 ni IK, wakati `ikBlend` ya Maya ikiwa 0 ni FK.

Mimi huweka funguo za vishikio vyote, vya FK na vya IK, katika fremu ya 40 na ya 41 pia. Wako wanaopenda kugeuza swichi polepole kwa fremu tano au sita ili kuficha tofauti. Siipendi njia hiyo. Kama mikao miwili inalingana, hakuna cha kuficha. Kama hailingani, mruko umegeuka mtelezo tu.

Kurudi ni rahisi zaidi. Katika fremu ya 96 mzee anaondoa mkono ukutani na tunataka FK tena. Hapa hakuna kielekezi cha kukokotoa. Kila mfupa wa FK unanakili mwenzake wa IK.

```python
for fk, ik in jozi:
    fk.matrix = ik.matrix.copy()
    bpy.context.view_layer.update()
```

Mstari wa mwisho ndio wengi wanaousahau. Kiwiko cha FK kinahesabiwa kutoka begani. Usipoiambia programu isome upya baada ya bega kusogea, kiwiko kitapimwa kutoka bega la zamani. Dalili yake haikosewi: unabonyeza kitufe, mkono unakaribia, unabonyeza tena, unakaribia zaidi, mara ya tatu unatulia mahali pake. Kitufe cha namna hiyo kina kosa la mpangilio, si la hesabu.

Mkono ulionyooka ni shida nyingine. Bega, kiwiko na kifundo vikiwa kwenye mstari mmoja, B na P ni pointi moja, na hakuna upande wa kuelekea. Programu inaweza kutoa sifuri, au ikashika upande wowote kutokana na videsimali vilivyobaki, kiwiko kikageuka kutazama juu. Hapo tumia mhimili wa mfupa wenyewe, ule unaojua kiwiko hukunjikia wapi. Hata karibu na kunyooka kuna hatari. Kwa mkono wetu wa sentimita 60, kifundo kikiwa umbali wa 59.9 kiwiko tayari kimetoka kwenye mstari kwa sentimita 1.7. Milimita moja ya kiganja imezaa karibu milimita 17 za kiwiko. Ndiyo maana mimi huacha mkunjo kidogo katika fremu ya kubadili. Na kama rigi inaruhusu mkono wa IK kurefuka, FK isiyo na kipimo cha urefu haitafika ukutani hata ulinganishe mara mia.

Kosa la mwisho halionekani kwenye fremu ya kubadili kabisa. Nyuzi 350 na nyuzi hasi 10 ni mkao uleule. Kulinganisha kukikuandikia 350 katika fremu ya 96, na ufunguo wako wa fremu ya 104 ukawa 0, kiganja hakitaruka. Kitatulia kikamilifu, lakini baada ya hapo hakitajizungusha kwa nyuzi kumi ulizokusudia. Kitajigeuza karibu mzunguko mzima kurudi nyuma kwa fremu nane, mbele ya mtu wa barazani. Kila baada ya kulinganisha mimi hufungua mistari ya mzunguko wa kiganja na kutafuta ukuta wa nyuzi 360 kati ya funguo mbili. Nikiukuta, naipunguza namba moja kwa 360.

Kisha nawasha njia ya mwendo ya kifundo, ile mistari yenye nukta moja kwa kila fremu. Nukta za 40 na 41 zikiwa pamoja, hakuna mruko. Ila nazitazama pia za 36 hadi 40: mkono unapofika ukutani zinapaswa kusongamana kidogo kidogo. Zikiwa mbalimbali sawasawa hadi ya mwisho, kiganja cha mzee kinaugonga ukuta badala ya kuushika, na hilo halirekebishwi na swichi yoyote. Narudi kwenye funguo za bega na kiwiko.