Majaribio Yalipita, Wateja Wakakwama

Kabla programu ya simu haijaingia App Store, mtengenezaji huijaribu kwa akaunti maalumu ya majaribio. Anabonyeza kununua, bidhaa inafunguka, na hakuna mtu aliyekatwa hata senti. Wakaguzi wa Apple nao wanaipitisha. Inatoka dukani, mteja wa kwanza analipa pesa za kweli, na simu inamwambia ununuzi umeshindikana.

Mara nyingi kiini ni risiti. Apple ina seva mbili za kuhakiki risiti, moja ya mauzo na nyingine ya majaribio, na hazipokei risiti za mwenzake. Katika mfumo wa zamani, ambao Apple imeshatangaza kuuacha lakini programu nyingi zilijengwa juu yake, anwani zake ni hizi:

```
https://buy.itunes.apple.com/verifyReceipt
https://sandbox.itunes.apple.com/verifyReceipt
```

Tuchukue programu inayouza hadithi za watoto. Seva ya mwenye programu iliachiwa ile anwani ya pili. Risiti ya mteja ikifika huko inarudishiwa `21008`, yaani risiti ya mauzo imepelekwa kwenye majaribio. Seva inachojua ni kwamba jibu zuri ni `0`, basi inakataa kufungua hadithi, na pesa zimeshakatwa.

Wakaguzi hawakuliona tatizo kwa sababu wao pia hununua kwa majaribio, kama wanaotumia TestFlight. Na usidhani kubadilisha anwani kabla ya ukaguzi kunatosha: risiti ya mkaguzi itagonga seva ya mauzo, itarudi na `21007`, na programu itakataliwa. Utaratibu sahihi ni kuanza na seva ya mauzo kila mara, na jibu likiwa `21007` tu, risiti ileile ipelekwe kwenye ile ya majaribio.

Kama bei na kitufe cha kununua havionekani kabisa, hilo ni jambo jingine, na mteja hajapoteza kitu. Huenda bidhaa yenyewe haikupelekwa kuidhinishwa pamoja na programu. Kwenye majaribio hufanya kazi hata bila idhini.

Anwani ikiwa kwenye seva, marekebisho ni ya dakika chache. Ikiwa imeandikwa ndani ya programu, itabidi toleo jipya lipite ukaguzi upya, huku malalamiko yakiongezeka.

Waliokwisha kulipa wanategemea mstari mmoja wa kodi, `finishTransaction`. Kama programu haijauita, muamala hubaki kwenye foleni. Mteja akifungua programu baada ya marekebisho, unahakikiwa tena na hadithi yake inafunguka. Kama uliitwa mapema, hadithi ya kudumu bado inaweza kurejeshwa kwa kitufe cha kurejesha manunuzi. Vitu vya kutumika vikaisha, kama sarafu za mchezo, kitufe hicho hakivirudishi. Hapo mwenye programu atafute kumbukumbu za seva yake ampe mteja haki yake, la sivyo mteja aiombe Apple imrudishie pesa.