Kimelea Kilichopachikwa Tawi Lisilo Lake

Mwaka 2020 watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi walieleza kwamba baadhi ya mbu waenezao malaria nchini Kenya wanaishi na kimelea kidogo mno mwilini, na kwamba kimelea hicho huzuia vijidudu vya malaria kukua ndani ya mbu. Ni mmoja wa ukoo wa maikrosporidia. Leo ukoo huu huwekwa pamoja na kuvu au jirani yao kabisa, lakini mwaka 1987 uchambuzi wa vinasaba ulikuwa umeupeleka mbali, chini kabisa ya shina la viumbe wenye kiini cha seli, kana kwamba ni masalia ya kale. Vinasaba havikudanganya. Kilichopotosha ni namna ya kuvisoma.

Tuchukue viumbe wanne: chachu, maikrosporidia, mmea na bakteria. Tumepanga herufi 1,000 za jeni moja, kila herufi chini ya mwenzake, tukapata safu wima 1,000. Njia ya umbali huhesabu ni safu ngapi zinazotofautiana kwa kila jozi. Tuseme (tarakimu ni za kubuni) chachu na mmea wanatofautiana kwa herufi 136. Chachu na maikrosporidia 338. Mmea na bakteria 338. Maikrosporidia na bakteria 508. Jozi mbili zilizobaki, chachu na bakteria, na maikrosporidia na mmea, ni 365 kila moja.

Viumbe wanne wanaweza kugawanyika katika jozi kwa namna tatu tu, na mgawanyo wenye jumla ndogo zaidi ndio unaoshinda. Chachu na maikrosporidia upande mmoja, mmea na bakteria upande wa pili: 338 na 338, jumla 676. Chachu na mmea, maikrosporidia na bakteria: 136 na 508, jumla 644. Mgawanyo wa tatu unafika 730. Kwa hiyo maikrosporidia anaangukia kwa bakteria, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Sababu ni kwamba maikrosporidia hubadilika haraka, na bakteria ametengana nasi zamani sana. Kwenye matawi marefu namna hiyo herufi moja hubadilika mara mbili au tatu, nasi tunaona badiliko moja tu, au hatuoni kitu ikiwa imerudi ilikoanzia. Zile 508 ni pungufu mno. Mwaka 1969 Jukes na Cantor walitoa fomula ya kufidia, ambapo p ni sehemu ya herufi zinazotofautiana:

d = −¾ ln(1 − 4p/3)

Ukiitumia, 136 inakuwa 150, 338 inakuwa 450, na 508 inaruka hadi 850 hivi. Jumla sasa ni 900 dhidi ya 1,000, na maikrosporidia anarudi kwa chachu. Njia ya Saitou na Nei ya mwaka 1987, ya kuunganisha majirani, hufanya kazi hii kwa mamia ya viumbe ndani ya muda mfupi mno. Tatizo ni kwamba umbali mkubwa ukishafidiwa huyumba. Jeni ikiwa na herufi 200 tu, ile 850 ingeweza kukosea kwa zaidi ya 100, na tofauti yote tunayoitegemea ni 100 hiyohiyo.

Njia ya uwezekano mkubwa zaidi, ambayo Joseph Felsenstein aliifanya itekelezeke kwa DNA mwaka 1981, haifupishi data kuwa umbali. Inasoma safu moja moja. Chukua safu ambayo chachu na mmea wana A, huku maikrosporidia na bakteria wana G. Kwa macho, safu hiyo inaunga mkono undugu wa hao wawili. Njia hii huuliza: kama si ndugu, na matawi yao ni marefu hivi, kuna uwezekano gani kila mmoja aangukie G kivyake? Katika mfano wetu, kulingana kwa bahati kwa namna hiyo hutokea katika safu karibu 30 kwa kila 1,000, kwa hiyo ushahidi huo unapewa uzito mdogo. Mababu wasiojulikana hujaribiwa kwa herufi zote nne, uwezekano wao unajumlishwa, kisha wa safu zote unazidishwa pamoja.

Gharama yake ni muda. Viumbe 10 tu wana miti 2,027,025 inayowezekana, kwa hiyo programu kama IQ-TREE huanza na miti iliyopatikana haraka, mara nyingi pamoja na ule wa umbali, na kuhamisha matawi hapa na pale hadi isipate mti ulio bora zaidi.

Hata njia hii huteleza ikipewa modeli mbovu. Katika jeni za ribosomu kuna herufi ambazo karibu hazibadiliki kabisa na nyingine zinazokwenda mbio. Modeli inayodhani zote zina kasi moja hupunja urefu wa matawi marefu, na mtego ni uleule. Wachambuzi waliporuhusu kasi itofautiane kutoka safu hadi safu, jeni za ribosomu nazo zilianza kuwaelekeza maikrosporidia kwa kuvu, kama baadhi ya jeni za protini zilivyokuwa zimeashiria miaka ya 1990.

Usitegemee asilimia za kurudia sampuli kukuonya. Kosa la matawi marefu linaweza kupata 100, kwa sababu kila sampuli inarithi upotofu uleule. Jaribio ninaloliamini zaidi ni rahisi: mwondoe bakteria, jenga mti upya ukiwa na kuvu na viumbe wengine wa kutosha, uone maikrosporidia ameshika tawi gani.