Malalamiko yapi yashughulikiwe kwanza?

Tuchukue mfano wa kiwanda cha maziwa ya pakiti kilichopokea malalamiko 200 kwa mwezi. Msimamizi wa ubora anayapanga kwa aina, kubwa likitangulia: pakiti kuvuja 92, maziwa kuganda kabla ya tarehe 54, mzigo kuchelewa 26, tarehe kutosomeka 16, na mengineyo 12. Hilo la mwisho hubaki mwisho hata likizidi, kwa kuwa ni mchanganyiko.

Kisha anajumlisha hatua kwa hatua. Kuvuja peke yake ni asilimia 46. Ukiongeza kuganda, unafika 73, kuchelewa, 86, tarehe, 94, mwisho 100. Kwenye chati, idadi huchorwa kwa nguzo zinazoshuka kutoka kushoto, na asilimia hizo kwa mstari unaopanda juu yake, ukisomwa kwenye mhimili wa kulia.

Mstari ukipanda kwa kasi kisha ukalala, kama hapa, sababu chache ndizo zinazobeba mzigo. Ukipanda sawasawa mpaka mwisho, huenda makundi yamegawanywa vibaya. Jaribu kuyapanga upya kwa mashine, zamu au njia ya usambazaji. Pengine uvujaji karibu wote unatoka kwenye mashine moja ya kuziba.

Ila chati huhesabu tu, haipimi uzito. Lalamiko moja la mtoto aliyeugua baada ya kunywa maziwa hayo litazama ndani ya “mengineyo”. Hilo lishughulikiwe siku hiyohiyo, chati iseme isemavyo.