Kiduara si sifuri: Kusoma tarakimu za risiti kutoka Ughaibuni

Majuzi nikiwa Mwingi, Kaunti ya Kitui, mzee mmoja alinionyesha kwenye simu picha ya risiti iliyoandikwa kwa mkono. Bintiye, anayefanya kazi Riyadh, alikuwa amenunua cherehani kwa riyali 650, nusu yake ikiwa mchango wa kakake aliye Makueni. Risiti ilisema ٦٥٠.

“Mwalimu, hii si sabini? Huyu msichana ametula!” mzee akalalama.

Sikumlaumu. Tarakimu ya kwanza inafanana na 7 yetu, ya pili ni kiduara, ya tatu ni nukta tu. Kumbe huko ٦ ni sita, kiduara ٥ ni tano, na nukta ٠ ndiyo sifuri. Saba yenyewe huandikwa ٧, nayo ٨ ni nane. Ajabu ni kwamba majina sita, saba na hata sifuri tuliyapata kwa Waarabu, lakini maumbo haya hatukuyachukua.

Nilimwomba tutazame tarehe kwanza: ٢٠٢٥/٦/٥. Mwaka ndio ufunguo, maana tuliujua: 2025. Hapo tayari tunaona kwamba nukta ni sifuri na kiduara ni tano. Upande wa pili, mtu akishikilia kwamba kiduara ni sifuri, atapata tarehe sifuri, ambayo haipo katika kalenda yoyote. Basi ni tarehe 5 Juni. Tukirudi kwenye bei kwa ufunguo uo huo, tano na sifuri zinajitokeza zenyewe. Iliyobaki ni ile sita, ambayo pia imekaa pale penye mwezi.

Maandishi ya Kiarabu huanzia kulia, ila tarakimu ndani ya nambari moja husomwa kutoka kushoto kama zetu. Kwa hivyo 650 haigeuki kuwa 056. Sehemu za tarehe ndizo huhama: anayeandika kwa mkono huanza na siku upande wa kulia, ilhali kompyuta yaweza kuiweka siku kushoto. Tafuta mwaka uko upande gani. Mwezi huwa katikati. Mwaka ukianza na ١٤, kwa mfano ١٤٤٦, hiyo ni kalenda ya Hijria, na miezi yake si Januari wala Juni.

Mkono wa mwandishi nao una vituko. Wengi huandika tatu yenye jino moja, ikafanana na ٢ ya chapa, na mbili ikabaki ndoano tupu. Mwenye duka akiwa amezoea Kiajemi, sita yake huwa ۶ na nne ۴.

Picha iliyofifia ni hatari zaidi, kwani nukta hupotea na ٦٥٠ ikawa ٦٥. Tuliikuza ile ya mzee hadi nukta ikaonekana wazi. Akampigia mwanawe wa Makueni papo hapo.